Kapu likiachwa uliza kwanza, diskaunti iko mbele ya safari

Kwa wale mnaoanza kuuza mtandaoni, hii ni ya watu wenye maduka madogo kama langu, mi nauza mashuka na foronya Dar, websaiti ni ya WooCommerce, wateja wanalipa kwa simu na mzigo unapelekwa na boda au unapakiwa kwenye basi kama ni mkoani. Nilipoanza kuona watu wanajaza kapu, wanaandika jina, namba, mtaa, wanafika mpaka kwenye malipo halafu kimya, nikafanya kile kila mtu anachofanya, nikatengeneza kuponi ya asilimia 10 nikawa namrushia kila aliyeacha kapu ndani ya dakika kumi. Wengine walirudi kweli wakanunua, nikajiona mjanja.

Mwisho wa mwezi nikakaa na daftari. Shuka la 6 kwa 6 seti nzima nauza 45,000. Ukitoa bei ya kununulia, mfuko na makato ya malipo, kwangu linabaki kama 12,000. Asilimia 10 ya 45,000 ni 4,500, na hiyo 4,500 haitoki kwenye bei ya shuka, inatoka kwenye ile 12,000 yangu, kwa hiyo nabakiwa na 7,500. Yani diskaunti ambayo mteja anaiona ndogo imekula zaidi ya theluthi ya faida, tena nimempa mtu ambaye pengine alikuwa anasubiri tu mumewe amtumie hela. Kabla hujagusa kuponi yoyote fanya hii hesabu kwa bidhaa yako, sio kwa bei bali kwa kinachobaki.

Mwezi uliofuata nikaacha kuponi kabisa nikaanza kuuliza. Meseji yenyewe ilikuwa hivi, niliiandika kwa mkono WhatsApp, mmoja mmoja:

"Habari dada, hapa ni duka la mashuka. Nimeona oda yako ya shuka 6x6 la kijani haijakamilika upande wa malipo. Ilikwama wapi nikusaidie?"

Basi. Hakuna ofa wala "haraka, zimebaki mbili". Na nilivyoshangaa ni kwamba watu wanajibu, kwa sababu hilo ni swali la mtu na sio tangazo. Majibu yakawa yanajirudia mambo mawili tu, malipo na nauli. Mmoja kaniambia "niliweka namba ya WhatsApp kumbe hela iko line nyingine". Mwingine ile ya kuweka namba ya siri ilimtokea kwenye simu akiwa jikoni, mpaka anaishika imeshapotea, akadhani duka ndo bovu. Mwingine salio lilipungua mia tano tu. Hao wote walikuwa tayari kununua kwa bei ile ile! Na mi mwezi uliopita watu wa aina hiyo hiyo nilikuwa nawagawia 4,500 kila mmoja.

Sasa kwenye malipo kuna mtego uliniumiza wiki mbili nzima bila kujua. Mteja akishabonyeza kuweka oda na malipo yakashindikana, oda inabaki kwenye `Pending payment`. Ukifungua hiyo oda utaona kiungo cha `Customer payment page`, ukimtumia mteja anaingia moja kwa moja kwenye kulipa bila kujaza chochote upya, ni kitu kizuri sana. Ila nenda `WooCommerce > Settings > Products > Inventory` utakuta `Hold stock (minutes)`, yenyewe inakuja imewekwa 60. Maana yake kama unatumia hesabu ya stoku, oda ambayo haijalipwa ikipita lisaa inafutwa yenyewe na kuwa `Cancelled`. Kwa hiyo mi natuma meseji baada ya masaa mawili na kiungo safi kabisa, mteja anabonyeza anaambiwa oda haiwezi kulipiwa. Anaona kama namchezea. Nilikuja kujua baada ya mama mmoja kunitumia picha ya skrini na kuniuliza "mbona unaniita halafu mlango umefunga?"

Mi nimeweka 2880, yani siku mbili. Hasara yake ni kwamba shuka linakaa limeshikwa siku mbili kwa mtu ambaye pengine hatolipa, kama una kipande kimoja kimoja hiyo itakuuma, bora uweke masaa machache na meseji yako uiwahishe. Hizo mbili lazima ziendane, muda wa meseji uwe ndani ya muda wa oda kuwa hai.

Muda wangu saivi ni huu. Ya kwanza inaenda kati ya nusu saa na lisaa, hapo simu bado iko mkononi na mtu anakumbuka. Aliyeacha kapu saa tano usiku simsumbui, nasubiri saa tatu asubuhi. Asipojibu ya kwanza, kesho yake jioni nagusia tena kwa kifupi, na hapo ndo namwambia njia ya pili ya kulipa, kwamba kama line inasumbua anaweza kulipa mzigo ukifika kwa walioko Dar. Ya tatu ni siku ya tatu na ndo ya mwisho, baada ya hapo namba yake naiacha. Na akisema "acha kunitumia" unaacha siku hiyo hiyo, usibishane nae wala usimuulize kwa nini, namba alikupa kwa ajili ya mzigo wake tu.

Namba za wateja zinakuja kama 07 na kitu, kwenye kiungo cha WhatsApp hiyo haifanyi kazi, unatoa sifuri unaweka 255 bila alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX
```

Wasio na WhatsApp natuma SMS ya kawaida, na hapa nilipigwa hela kijinga. SMS moja inabeba herufi 160, ila ukitia emoji moja tu, au ile apostrofi iliyopinda inayojiwekaga ukiandika "ng’ombe" kwenye Word, meseji nzima inabadilika na kubeba 70 tu. Nilikuwa na meseji ya herufi 140 yenye kikopa kimoja mwishoni, ikawa inahesabiwa meseji tatu kwa kila mteja. Kiungo cha malipo nacho ni kirefu, kwenye SMS kinamaliza nafasi yote, kwa hiyo huko naandika tu "nijibu nikusaidie" na wengi wananipigia.

Tuje kwenye nauli, kwa sababu hapa ndo ofa ina maana. Dada wa Mbagala aliona shuka 45,000 vizuri tu, kufika mwisho delivari 7,000 akaondoka. Kosa la kwanza ni langu, nauli ilikuwa inatokea mwishoni kabisa, saivi imeandikwa kwenye ukurasa wa kila bidhaa kwa maeneo, na wanaoachia hapo wamepungua. Ila kwa huyu sikumpunguzia bei ya shuka, nilimwambia hivi: "Jumamosi boda wangu anakuja huko na mizigo mingine, ukisubiri mpaka siku hiyo delivari ni 3,000." Akalipa dakika ile ile. Mi sijapoteza kitu maana boda akibeba mizigo mitatu njia moja ananipa bei ya jumla. Ofa nzuri kwa duka dogo ni ile ambayo mteja anaokoa na wewe hutoi mfukoni.

Ya pili ni delivari bure ukifikisha kiwango. Mi nimeweka 80,000 na sikukitoa hewani. Seti moja ni 45,000 faida 12,000. Seti mbili ni 90,000 faida 24,000, nikilipa boda wa mjini 5,000 nabaki na 19,000, bado nimezidi yule wa seti moja aliyelipa nauli yake. Ningeweka 50,000 mtu angeongeza foronya moja tu na ile 5,000 ingeimeza faida yote ya foronya na kubandua ya shuka. Mikoani hii siweki, mzigo wa basi bei inabadilika mno.

Kuponi haijafa, ila inakaa kwenye meseji ya tatu na ni kwa ambaye hajawahi kununua kwangu. Kuna mteja mmoja nilimfundisha mwenyewe tabia mbaya, kila mwisho wa mwezi anajaza kapu, anaondoka, anasubiri kuponi. Hata simlaumu. Saivi kila kuponi ina `Usage limit per coupon` 1 na naandika kwenye daftari namba ipi nimeshaipa, ikijitokeza tena inapata swali tu. Na mkiweka tarehe ya kuisha muwe makini, WooCommerce inaifunga kuponi saa sita usiku tarehe hiyo inapoanza, sio inapoisha. Ukimwambia mteja "mpaka Ijumaa" na ukaweka tarehe ya Ijumaa, Ijumaa asubuhi haifanyi kazi. Weka Jumamosi. Na angalia saa ya websaiti yako kwenye setingi kama iko Dar es Salaam, isije ikawa inafuata saa za huko nje.

Kitu kingine kabla ya kutuma yoyote, tafuta ile namba kwenye oda zote za siku hiyo. Watu wengi malipo yakigoma wanaanza oda mpya au wanakuja WhatsApp wanalipa huko, ile ya kwanza inabaki imening'inia. Nilishamtumia mtu "oda yako haijalipwa" wakati boda yuko nyumbani kwake anampa mzigo. Alidhani ni matapeli wameingilia duka langu, ilinichukua nusu saa kumtuliza.

Na kujua kama meseji zinasaidia kweli, usihesabu tu waliorudi, maana wengine wangerudi wenyewe. Mi mwezi mmoja niliamua namba zinazoishia na shufwa natuma, zinazoishia na witiri situmi kitu, ila akinitafuta mwenyewe namhudumia kama kawaida. Kati ya 22 niliowatumia walikamilisha 9, kati ya 19 niliowaacha walikamilisha 4. Namba ni ndogo, mwezi mwingine ingeweza kuja tofauti, ndo maana nimerudia tena mwezi huu kabla sijalipia programu ya kutuma yenyewe. Kwa makapu arobaini kwa mwezi bado naona simu yangu na daftari vinatosha.