Maswali na Majibu: Simu Inapolikabili Jua la Jioni

*Mimi hupiga wageni picha pale Dunga jioni, ziwa likiwa nyuma yao. Nikigusa uso kwenye skrini, anga linakuwa jeupe pe. Nikigusa anga, uso unakuwa mweusi. Macho yangu yanaona vyote viwili. Tatizo ni simu au ni mimi?* (Msomaji, Kisumu)

Tatizo ni kihisi cha simu, yaani kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kimegawanywa katika pikseli, na kila pikseli hugeuza mwanga unaoiangukia kuwa elektroni na kuziweka hadi picha isomwe. Pikseli ya simu yenye upana wa chini kidogo ya mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, hubeba takriban elektroni 6,000 tu. Ikishajaa, mwanga unaozidi haurekodiwi popote, na mahali hapo pa picha hubaki peupe. Upande wa giza nako kuna kikomo chake: mwanga hufika kwa kubahatisha, si kwa mtiririko ulio sawa, na kadiri pikseli inavyopata elektroni chache ndivyo kubahatisha huko kunavyoonekana kama chengachenga.

Tuchukue jioni ambayo mawingu yaliyo nyuma ya mgeni wako yana mwangaza mara 100 kuliko uso wake, na mikunjo ya koti lake jeusi ina mwangaza mara nane pungufu kuliko uso. Simu ikijipima ili mawingu yaenee ndani ya elektroni 6,000, uso utapata elektroni 60, na mikunjo ya koti saba au nane. Mtikisiko wa mwanga hukaribia kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Kwa hiyo usoni unatikisika kwa elektroni nane hivi katika 60, kiasi ambacho jicho hukiona mara tu simu inapojaribu kuung'arisha uso huo. Kwenye koti, kosa la usomaji wa kihisi chenyewe likijumlishwa, mtikisiko unakaribia nusu ya kila kilichorekodiwa, na mikunjo hupotea. Sasa ukigusa uso, simu huongeza mwanga, tuseme mara 20. Uso unapata elektroni 1,200 na kuwa safi, lakini mawingu yangehitaji nafasi ya elektroni 120,000, nafasi ambayo haipo. Umbali huo kati ya kujaa na kuzama katika chengachenga ndio upana wa mwanga ambao kihisi kinaweza kuubeba kwa pigo moja, na katika vihisi vidogo umbali huo ni mfupi. Macho yako hayabanwi namna hiyo kwa sababu hujirekebisha kila unapohamisha mtazamo kutoka usoni hadi angani.

Kisumu jua huzama upande wa ghuba ya Winam, ndiyo maana picha ya jioni yenye ziwa nyuma huwa karibu kila mara inalikabili jua. Mgeni akiweza kuja saa moja au saa mbili asubuhi, asimame palepale: jua litakuwa upande wa nchi kavu, likimwangaza usoni. Asipoweza, mgeuze ubavu ili mwanga umpate shavuni, au uamue kabla ya kupiga ni kipi muhimu zaidi, uso au mawingu. Mimi ningechagua uso, isipokuwa umbo jeusi la mtu na mashua ndilo unalolitaka.

*Simu yangu ina megapikseli 50. Ya dada yangu ni ya zamani, ina 12, lakini anga lake linatoka na mawingu na langu linatoka jeupe. Inawezekanaje?* (Msomaji, Bungoma)

Idadi ya megapikseli haisemi lolote kuhusu kiasi cha mwanga ambacho kihisi kinaweza kubeba. Simu nyingi za bei nafuu zenye megapikseli 50 hutumia pikseli za mikroni 0.64, ilhali kihisi cha kawaida cha megapikseli 12 kina pikseli za mikroni 1.4. Eneo la pikseli hiyo ya pili ni karibu mara tano ya ile ya kwanza, ingawa vihisi vyenyewe kwa jumla vinakaribiana ukubwa. Ndiyo maana simu yako kwa kawaida huunganisha pikseli nne nne na kukupa picha ya megapikseli 12 na nusu. Kwa hiyo katika picha dhidi ya jua usichague ile hali ya kupiga kwa megapikseli zote 50, kwa kuwa mara nyingi unapoteza pia usaidizi wa HDR, yaani ile njia ya simu kuchanganya picha kadhaa kuwa moja ili anga na uso vyote vionekane. Baada ya hapo, tofauti kubwa huwa katika prosesa: simu ya dada yako huenda ilitengenezwa kuwa ya daraja la juu, yenye uwezo wa kuchanganya picha kadhaa kwa haraka.

*Nikiwasha HDR, anga linapona, lakini pikipiki inayopita inatoka na kivuli cha pili. Niizime?* (Msomaji, Kakamega)

Usiizime kwa kila picha. Simu hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Katika njia ambayo wahandisi wa Google waliieleza mwaka 2016, picha zote hupigwa zikiwa na giza kidogo ili anga lisijae, kisha hujumlishwa ili giza lisafike. Rudi kwenye hesabu ya Dunga: picha tisa zenye elektroni 60 usoni huleta jumla ya 540, na chengachenga hupungua hadi theluthi moja, huku mawingu yakiwa bado hayajajaa. Sharti lake ni kwamba kitu kikae mahali pamoja katika picha zote. Pikipiki haikai, wala mawimbi, wala majani ya miwa yanayopigwa na upepo. Programu nzuri huvitambua vitu hivyo na kuvichukua kutoka picha moja tu, na programu dhaifu huvibandika mara mbili. Mtu akiwa ametulia, iache HDR. Kitu kikikimbia, izime, na upige ukiwa umelipa jua mgongo.

*Je, ninaweza kuirekebisha picha baadaye kwa programu?* (Msomaji, Kericho)

Giza, kiasi fulani, ndiyo. Anga lililojaa, hapana, kwa sababu hakuna kilichorekodiwa cha kurejesha. Kwa hiyo ukiwa na shaka, telezesha alama ya jua kwenye skrini chini kidogo kabla ya kupiga. Kama kamera yako inaruhusu kuhifadhi faili ya RAW, yaani data ya kihisi kabla simu haijaibana, itumie: picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ukiunyanyua uso kutoka gizani ngazi hizo hukatika na ngozi kuonekana kama mabaka.

*Nataka kununua simu hapa Nakuru. Nitaijaribu vipi dukani?* (Msomaji, Nakuru)

Nenda mchana jua likiwa kali. Panguza lenzi kwanza, maana mafuta ya vidole hutawanya mwanga na kufifisha sehemu za giza hata kihisi kikiwa kizuri. Simama ndani kabisa ya duka, mwombe mhudumu asimame karibu na mlango, barabara ikiwa nyuma yake, kisha piga bila kugusa lolote. Usihukumu kwa kile unachokiona kabla ya kupiga. Fungua picha, subiri sekunde chache simu imalize kazi yake, halafu ivute karibu. Tazama mabati ya upande wa pili wa barabara, kama mistari yake bado inaonekana. Tazama nywele na kola ya mhudumu, kama kuna chengachenga za zambarau na kijani, au ngozi iliyolainishwa hadi ikafanana na plastiki. Rudia kwa kamera ya mbele, ambayo mara nyingi kihisi chake ni kidogo zaidi, kisha fanya hivyohivyo na simu ya pili ya bei ileile mkiwa mmesimama palepale.