Friji imeoshwa mara tatu, harufu bado ipo

SWALI: Habari fundi. Nina friji ya milango miwili, friza juu na friji chini, si ile inayojiyeyusha barafu yenyewe. Tulisafiri, umeme ukakatika, tukarudi tukakuta samaki wa juu na wa chini wameoza na maji yao yameshuka hadi kwenye droo za mboga. Nimeiosha mara tatu kwa sabuni na limau. Inanukia vizuri siku mbili, kisha harufu inarudi. Tena kila asubuhi nakuta maji chini ya droo, friza imeota barafu nene upande mmoja, na mpira wa mlango umeanza kuwa mweusi. Ninunue nyingine?

JIBU: Salama. Usinunue bado. Harufu na hayo maji ya asubuhi ni tatizo moja, na chanzo chake kiko mahali ambapo sponji yako haijafika.

Tazama ukuta wa nyuma wa sehemu ya chini. Kompresa ikifanya kazi, ukuta ule hupoa sana na unyevu wa hewa hugandia pale. Kompresa ikipumzika, unyevu huyeyuka, huteremka kwa matone na kukusanyika kwenye mfereji mdogo ulio nyuma, juu kidogo ya droo za mboga. Katikati ya mfereji kuna tundu dogo ambalo hata kidole cha mwisho hakiingii vizuri. Maji hupita hapo, hushuka kwa bomba jembamba lililo ndani ya ukuta, na kutokea nyuma ya friji kwenye trei ya plastiki iliyokaa juu ya kompresa. Joto la kompresa huyakausha taratibu. Kwa kuwa kazi hii yote hufanyika kimyakimya, wengi huishi na friji miaka mingi bila kujua kwamba ina trei.

Maji ya samaki wako yalifuata njia hiyohiyo. Mengine yaliganda kwenye tundu yakawa ute na kuliziba, ndiyo maana matone ya kila usiku yanafurika mfereji na kuishia chini ya droo. Mengine yalifika kwenye trei, na huko yanapashwa moto kila kompresa inapowaka. Wewe unaosha ndani, ilhali nyuma kuna uozo unaochemshiwa jikoni kwako mchana na usiku.

Unaweza kulithibitisha hili kabla ya kulowesha hata kitambaa. Acha milango imefungwa usiku mzima. Asubuhi, vuta friji mbele kidogo na unuse nyuma, karibu na kompresa, kabla hujafungua mlango. Ukikuta harufu kali huko, trei ndiyo yenye hatia. Kisha fungua mlango unuse tundu la mfereji kwa karibu. Mara nyingi vyote viwili vitanuka.

Siku ya kazi, chomoa plagi kwenye soketi. Usitegemee kuzima kwa kitufe cha ndani tu, kwa sababu utakuwa unamwaga maji karibu na nyaya. Vyakula vya kuharibika vifunge pamoja ndani ya sanduku lenye barafu. Nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 4 kwa saa mbili, kitupe.

Anza na friza, kwa sababu inahitaji muda na itajiyeyusha huku ukifanya mengine. Tandika taulo kuukuu chini na mlangoni, weka taulo nyingine iliyokunjwa ndani, juu yake beseni la maji ya moto, kisha funga mlango. Badilisha maji kila baada ya robo saa. Barafu yenye unene wa sentimita mbili huanza kubanduka kwa vipande vikubwa ndani ya saa moja au mbili. Viondoe kwa mkono au kwa mwiko wa mbao, na usishike kisu wala bisibisi. Nikiwa bado najifunza kazi niliichokonoa barafu kwa bisibisi, nikasikia mluzi mwembamba, na friza ya mwenyewe ikafa pale pale. Chini ya ile barafu kuna mabomba ya alumini yaliyojaa gesi. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Ukisikia mluzi huo, zima moto wowote ulio karibu, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje na umwite fundi.

Barafu ikiwa inayeyuka, nenda nyuma. Acha kompresa ipoe nusu saa, maana inaweza kukuunguza. Trei nyingine huchomoka ukizisukuma juu kidogo, nyingine zimefungwa kwa skrubu moja au zimebanwa kabisa. Iliyobanwa usiing'oe kwa nguvu, kwa kuwa ikipasuka maji yatakuwa yanamwagika sakafuni kila siku. Nyonya uchafu kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, kisha futa kwa kitambaa ulichokizungushia kijiti. Tarajia tope la kahawia lenye utelezi, na vaa glavu. Osha kwa maji ya moto na sabuni hadi utelezi uishe, ndipo uje kwenye harufu yenyewe.

Hapa watu wengi hukosea dawa. Harufu ya samaki aliyeoza inatokana na kemikali zenye tabia ya magadi, na kinachozivunja ni asidi, yaani siki au limau. Harufu ya maziwa yaliyochacha ni ya asidi, na hiyo hutulizwa na soda ya kuokea. Kwako wewe siki ndiyo ya kwanza: changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, mimina kwenye trei, acha dakika ishirini, kisha suuza. Limau lako halikuwa na kosa, ila lilipakwa mahali ambapo si penye tatizo. Siki na soda usivichanganye pamoja, vitatoa povu la kupendeza na kubaki maji ya chumvi yasiyo na kazi. Siki na dawa ya kupausha yenye klorini ndiyo usijaribu kabisa, hutoa gesi ya sumu.

Tundu la mfereji nalo lisafishe kwa shinikizo la maji. Vuta maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni kwenye lile bomba la sindano, ligandamize kwenye tundu, sukuma taratibu. Likigoma, pitisha mrija mwembamba wa plastiki unaopinda. Waya wa chuma hapana, unaweza kutoboa bomba ndani ya ukuta, na maji yakiingia kwenye povu la kuzuia joto hayatoki tena. Malizia kwa bomba mbili za mchanganyiko wa siki, suuza, kisha mimina kikombe kimoja cha maji safi mferejini polepole. Mtu awe nyuma akiangalia. Maji yakitiririka kwenye trei bila kusimama, njia imefunguka. Yakija kwa kudondoka huku mfereji ukijaa, rudia.

Sehemu ya ndani unaijua tayari, kwa hiyo sina mengi. Toa kila kitu kinachotoka, pamoja na droo na kioo kilicho juu yake, kwa sababu maji ya samaki hupenda kujificha kwenye fremu ya plastiki inayoshika kioo. Kioo cha baridi usikitie kwenye maji ya moto, kitapasuka. Safari hii futa kwa siki kwanza, kisha kwa soda ya kuokea, kijiko kikubwa kimoja kwa lita ya maji, na ukaushe.

Sasa mpira. Weusi ule ni ukungu, unakaa ndani ya mikunjo. Fungua mikunjo kwa vidole, sugua kwa mswaki laini na maji ya sabuni ya uvuguvugu, pembe zimalizie kwa pamba ya masikio, kisha kausha vizuri, kwani mpira uliobaki na maji huota tena. Ukungu wenyewe si hasara kubwa. Hasara ni mpira usioshika. Chukua karatasi, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, ivute. Ikitoka bila kukaza, pale pana upenyo. Jaribu kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka milango yote miwili, na tilia mkazo upande ule wenye barafu nene. Umesema ni upande mmoja tu, na barafu ya namna hiyo ikiwa karibu na mlango kwa kawaida inaonyesha hewa yenye unyevu inapoingilia.

Mpira uliobonyea mara nyingi unarudi. Ulainishe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto au kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye joto la wastani, uvute kwa vidole hadi urudie umbo, funga mlango na uache saa kadhaa. Ukiwa umepasuka, au umekakamaa kiasi kwamba haufuati tena sumaku iliyo ndani yake, badilisha kwa mpira wa modeli ileile. Wa kukisia utaacha nafasi pembeni.

Rudisha friji mahali pake, acha nafasi ya kupumua nyuma, washa, na usirudishe chakula hadi chini kufike nyuzi 4 au pungufu. Friza inatakiwa ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Baada ya hapo yeyusha kila barafu inapofikia nusu sentimita, kazi itakuwa nyepesi.

Chungulia chini ya droo asubuhi tatu mfululizo. Pakiwa pakavu, bomba limepona. Harufu hafifu inaweza kubaki kama wiki moja kwa sababu plastiki huinyonya. Bakuli pana la soda ya kuokea litasaidia hapo, lakini likiwekwa juu ya trei chafu halifanyi chochote.

Kuna hali moja ambayo nisingekushauri uendelee kupambana nayo. Ukiisha kufanya haya yote, zima friji, iache milango wazi siku mbili mahali penye hewa, kisha ifunge siku nzima ikiwa kavu na bila umeme. Ukifungua ukakutana na harufu ileile kali, basi maji ya samaki yalipenya kwenye povu la ukutani kupitia kiungo au tundu la taa. Povu hilo halioshwi. Hapo ndipo swali lako la kununua nyingine linakuwa na jibu la ndiyo.