Kusafishwa baada ya mimba kuharibika hukatwa fungu gani la bima?

"Wifi yangu kasafishwa kizazi wiki ya 10, bima ikakata fungu la uzazi. Si alilazwa tu kama mgonjwa mwengine?"

Pole. Mara nyingi ni la uzazi, hata kama hakuna mtoto. Bima nyingi za kampuni hapa Kenya huandika kuharibika kwa mimba na kuzaa mtoto aliyefia tumboni chini ya kifungu cha uzazi, chenye kikomo chake na miezi ya kusubiri. Nimeshughulikia madai haya miaka, Mombasa hii.

Panapobishaniwa ni mimba iliyotunga kwenye mrija: baadhi ya mikataba huiweka kwa kulazwa kwa kawaida, kwa kuwa ni upasuaji wa dharura. Anayesema "kila dharura ni fungu la kulazwa" kapatia nusu tu. Tazama fomu ya kutoka hospitali: kama ilikuwa mrijani na imeandikwa tu "mimba kuharibika", daktari airekebishe kwanza, halafu mupinge.

— Mie walinikatalia, nilikuwa mwezi wa nne wa bima.
— Huo ni muda wa kusubiri, mamangu, si fungu. Ila soma mkataba, wengine husamehe wa kikundi cha kazini.