Kuomba siku za kufanyia kazi nyumbani kabla ya kusaini: usizichanganye na mshahara

"Nimepata ofa ya uhasibu kwenye kampuni ya hoteli, ofisi iko mjini, nami nakaa Makunduchi. Mshahara bado tunavutana. Nataka siku mbili kwa wiki nifanyie kazi nyumbani. Niombe pamoja na mshahara au nisubiri niajiriwe kwanza?"

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiombe pamoja, wala usisubiri uajiriwe. Malizaneni mshahara kwanza, halafu hili ulilete kabla hujasaini.

Ukiyaweka yote kwenye barua pepe moja, mwajiri atayapima kwenye mzani mmoja. Atakwambia siku mbili utapata, ila kile ulichoomba kuongezewa ukisahau. Mie nilipopewa kazi kama hiyo yako, nikienda na kurudi na gari za 310, jambo hili nilililinda sana. Ila usilifiche mpaka dakika ya mwisho, wataona kila wakikupa kimoja unazua kingine. Mkiwa bado kwenye mshahara, sema mapema: "Kuna suala la mpangilio wa siku za kazi, halihusu pesa, nitaomba tulizungumze tukishamaliza hili." Basi, usiongeze neno.

La pili ni nani wa kumwomba. Afisa rasilimali watu kazi yake ni kulinda utaratibu, na jibu rahisi kwake ni hapana. Anayejua kama kazi inakwenda bila ya wewe kuwepo ni yule atakayekusimamia. Mie niliomba nionane na mhasibu mkuu, mama mmoja mkali hivi, na kabla sijaomba chochote nikamuuliza: "Bi mkubwa, wiki hapa ofisini inakwendaje?" Akanieleza mwenyewe. Jumatatu na Alkhamisi wanakuja wauza samaki na mboga na risiti zao za mkono, wanalipwa taslimu, lazima mtu awepo kaunta. Mwisho wa mwezi kuna mishahara na michango ya ZSSF, hapo hakuna anayekosekana. Jumanne na Jumatano ni kulinganisha hesabu za benki na kuingiza ankara kwenye kompyuta.

Ombi langu likatoka humo humo: Jumanne na Jumatano nyumbani, isipokuwa wiki ya mwisho ya mwezi. Sikutaja umbali wala nauli. Shida ya safari ni yako, yeye anataka kujua vocha zake zitakuwa salama. Nikamwambia karatasi halisi hazitoki ofisini, nitafanyia kazi zilizoskaniwa tu. Akauliza la umeme, na wewe utaulizwa, maana sie sote tunaijua ZECO. Usijibu kwamba umeme wa kwenu haukatiki, hakuna atakayekuamini. Mie nilijibu kwamba ukikatika asubuhi nampigia simu hapo hapo, na siku ya pili naingia mjini hata kama ilikuwa zamu yangu ya nyumbani.

Alinikubalia Jumatano tu. Ile Jumanne nikaibadilisha: siku za ofisini niingie saa moja asubuhi nitoke saa tisa, badala ya saa mbili hadi saa kumi. Kwa mtu wa shamba saa hiyo moja ni kubwa, skwambii, unatoka mjini kabla ya msongamano. Kwa hiyo nenda na ombi la pili mfukoni, na liwe la saa, si la pesa.

Ukiambiwa "tutaangalia baadaye", ujue ni hapana yenye adabu. Uliza baadaye ni lini na nani ataamua. Wakisita kweli, pendekeza iwe kwa kipindi cha majaribio, kisha mkae mtazame kazi imekwendaje.

Wakikubali, iandikwe kwenye mkataba au kiambatisho chake. Mameneja wa hoteli huku kwetu wanabadilika kila msimu, na mpya akija atasema hana habari. Yaandikwe matatu: siku gani, saa ngapi lazima upatikane kwenye simu, na ukihitajika ofisini siku yako ya nyumbani uambiwe muda gani kabla. Hapo jukwaani watakuja watu kukunukulia sheria ya kazi ya Bara. Waache. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira yetu, Na. 11 ya 2005, na hili unaloomba ni la makubaliano baina yenu, kwa hiyo karatasi ndiyo itakayokutetea.

Na kabla ya kusaini angalia mstari wa posho ya usafiri. Hapo ndipo pesa hurudi kwa mlango wa nyuma: mshahara hawaugusi, ila posho inapunguzwa kwa siku usizokwenda. Mie niliona si dhulma, nauli ya siku hiyo sikuitoa. Lakini ikiwa kwenu posho ni kiwango kimoja cha mwezi kwa wafanyakazi wote, waulize kwa nini yako tu ndiyo ikatwe.