Tundu si shimo, na kuziba si kujaza

Swali: "Naandika mwongozo wa kusafisha skani za fotogrametria. Sentensi yangu inasema: 'Desimeti meshi kwa asilimia 10, jaza mashimo yote, kisha projekti upya tekscha kwenye meshi safi.' Mhariri ameniambia 'desimeti' si Kiswahili. Niandike nini?"

Andika "punguza", mhariri wako atulie. Kinachopunguzwa ni pembetatu za meshi, na kitenzi tunacho tangu zamani. Hilo "desimeti" asili yake ni Kilatini, adhabu ya jeshi la Roma: kikosi kilichokosa kilipigishwa kura, mmoja katika kila kumi akauawa, tisa wakabaki. Programu zetu zimegeuza hesabu, maana mara nyingi tunaua tisa na kubakiza mmoja.

Ila mhariri amekamata kisichouma akaacha kinachouma. "Kwa asilimia 10" itamponza msomaji wako. Skani yenye pembetatu 3,000,000 ikipunguzwa kwa asilimia 10 inabaki na 2,700,000, na kompyuta itaendelea kukoroma vilevile. Ulichokusudia, bila shaka, ni hadi asilimia 10, yaani 300,000. Kwenye Blender, kirekebishi cha `Decimate` kina kisanduku cha `Ratio`, na ukiandika 0.1 unaamuru kitakachobaki, wala si kitakachoondoka. MeshLab nayo ina kisanduku kiitwacho `Percentage reduction`, jina linalotaja punguzo, ilhali namba unayoingiza ni ukubwa wa mwisho. Wenye lugha yao wamejikwaa hapo. Sisi tuna "kwa" na "hadi", hatuna kisingizio.

Sasa tuje kwenye "jaza mashimo yote". Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikavuta pumzi.

Shimo lina chini. Ukitumbukiza jiwe, linafika mahali likatulia. Tundu halina chini: ni uwazi, kitu kinapita upande huu kikatokea wa pili, ndiyo maana tunasema tundu la sindano na tundu la ufunguo. Shimo hujazwa, tundu huzibwa. Waliotuachia methali walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna aliyesema usipojaza. Najua siku hizi watu wanajaza kila kitu, hata mapengo, na mengine nimeshayazoea. Katika kazi yako siwezi kuyazoea, kwa sababu kosa hilo linaharibu skani.

Chukua kiatu cha ngozi chenye kamba, kimewekwa mezani kikapigwa picha kutoka pande zote. Skani yake inarudi na kasoro za aina mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni mahali ambapo meshi imekatika. Soli haikuonekana kwa sababu ilikalia meza, kwa hiyo chini ni wazi. Ngozi inayong'aa puani imeichanganya programu, kwa hiyo pana vitobo vichache vyenye kingo za pembetatu kumi na kitu. Na kama hakuna picha iliyochungulia ndani, meshi inaishia kwenye mdomo wa kiatu. Hayo yote ni matundu. Ya pili ni pale ambapo meshi ipo nzima ila imebonyea: mikunjo ya ngozi, vijipito vya kamba ambavyo skani imevichora kama vidimbwi, mkwaruzo uliochimba kisigino. Hayo ni mashimo, na mengi ni sehemu halali ya kiatu.

Mpe mwanafunzi amri yako ya "jaza mashimo yote" uone. Kwanza atatazama kwa jicho, ataviona vidimbwi vya kamba na mkwaruzo wa kisigino, kisha ataenda kwenye hali ya uchongaji ya Blender na kuchukua brashi iitwayo `Fill`. Brashi hiyo kweli hujaza: huinua sehemu zilizobonyea hadi ziwe sawa na jirani zake. Baada ya dakika chache kiatu kimekuwa laini kama sabuni, na matundu halisi bado yapo, kwa sababu jicho halikuyaona. Lawama ni za kitenzi chako.

Tundu la meshi halitafutwi kwa jicho. Katika Blender unaingia hali ya kuhariri kwa kutumia nukta au kingo, unafungua `Select`, kisha `All by Trait`, kisha `Non Manifold`. Kila ukingo ulio na pembetatu upande mmoja tu utawaka, na mzunguko wa kingo hizo ndio mdomo wa tundu. Vidimbwi vya kamba havitawaka, kwa kuwa havijakatika. Kipimo hicho ndicho kinachotenganisha maneno mawili unayoyachanganya.

Na "yote" nayo ina mashaka. Amri ya kuziba, `Fill Holes`, ina kisanduku cha `Sides`: ukiweka 0 inaziba kila mdomo, mkubwa kwa mdogo. Puani mambo yatakuwa mazuri. Kwenye soli utapata kifuniko bapa, jambo linalovumilika ikiwa kiatu kitasimama chini na hakuna atakayekipindua. Juu, mdomo wa kiatu utafunikwa ngozi moja kwa moja, na mguu hautaingia tena milele. MeshLab kwa kawaida ina adabu zaidi hapa. Amri yake ya `Close Holes` huja na kikomo cha kingo 30, kwa hiyo vitobo vya puani vinazibwa, soli na mdomo vinaachwa vikusubiri uamue mwenyewe. Basi andika "ziba matundu madogo", halafu sentensi nyingine kuhusu makubwa.

"Projekti upya" sitaipigania sana, maana nimechoka na msomaji ataelewa. Ila Kiswahili kina kauli ya kutendea inayoibeba kazi hii bila jasho: "hamishia tekscha kwenye meshi safi". Meshi safi ifunuliwe upya kwanza, kwa kuwa ramani ya tekscha inayotoka kwenye skani huwa imekatwakatwa vipande vidogo mno. Kisha chagua skani, halafu meshi safi iwe ya mwisho kuchaguliwa, washa `Selected to Active` katika Cycles ya Blender, chagua `Diffuse` na ubakize `Color` peke yake, ili usihamishe mwanga na kivuli cha programu juu ya vile vilivyo tayari ndani ya picha.

Thamani ya `Extrusion` ndiyo itakayokusumbua. Ikiwa ndogo mno, madoa yanatokea pale meshi safi inapozama chini ya uso wa skani. Ikiwa kubwa mno, mionzi inagonga jirani, na rangi ya kamba inamwagikia ulimi wa kiatu. Madoa yanayobaki palepale hata ukibadili thamani ni viraka ulivyoziba: nyuma yake hakuna skani, kwa hiyo hakuna rangi ya kuhamishia. Hayo utayapaka kwa mkono, kwa brashi ya kunakili rangi ya karibu. Na hapo, ukitaka kusema unajaza rangi, jaza tu. Sitakuandikia barua.