Biti inayorukwa: kwa nini 9600 inasomeka na 115200 haisomeki

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nimechomeka ATmega328P kwenye bredibodi bila kristali, inatumia saa yake ya ndani ya 8 MHz, na nimeiunganisha na kompyuta kwa adapta ya USB. Nikituma maandishi kwa 9600 yanasomeka vizuri, lakini nikipandisha hadi 115200 naona alama nyeusi za kuuliza tu. Nimewasha pariti pande zote mbili, bado ni takataka. Thamani ya rejista naipata kwa `F_CPU/16/BAUD - 1`. Je, waya wangu ni mbovu?

Jibu: Ndugu msomaji, waya wako hauna kosa, kosa liko kwenye kugawanya. Saa ya 8 MHz ikigawanywa kwa 16 hutoa 500,000, na 500,000 ikigawanywa kwa 115,200 hutoa 4.34. Lugha ya C hukata desimali za namba kamili, kwa hiyo unabaki na 4, unatoa 1, na rejista ya `UBRR0` inapokea 3. Kwa thamani hiyo chipu hutuma biti 125,000 kwa sekunde badala ya 115,200, yaani inakwenda haraka kwa asilimia 8.5. Kukadiria badala ya kukata kusingekusaidia, kwa sababu 4.34 ikikadiriwa ni 4 vilevile. Kwa 9600 hesabu hiyohiyo hutoa 52.08, desimali inayopotea ni ndogo, na kosa linakuwa asilimia 0.16 tu. Ndiyo maana huko maandishi yalisomeka.

Sasa tuone kosa hilo linaharibu herufi kwa njia gani. UART, yaani njia ya mawasiliano unayotumia hapa, haina waya wa saa kati ya mtumaji na mpokeaji; kila upande unahesabu muda kwa saa yake mwenyewe, na yote wanayoshirikiana ni makubaliano ya kiwango cha baudi na umbo la fremu. Mstari ukiwa kimya hukaa juu, yaani 1. Mtumaji huushusha kwa biti moja ya kuanzia, kisha hutuma biti nane za data akianza na ile ndogo kabisa, kisha huurudisha juu kwa biti ya kufungia. Mpokeaji hulinganisha saa yake mara moja tu kwa kila fremu, pale mstari unaposhuka. Kuanzia hapo husoma katikati ya kila biti kwa kukisia: nusu biti baada ya mshuko, kisha biti moja na nusu, hadi biti tisa na nusu anapoitazama biti ya kufungia. Kosa dogo la kasi hujilimbikiza katika safari hiyo yote, na likifikia nusu biti kabla ya mwisho, mpokeaji anasoma biti ya jirani. Nusu ukiigawanya kwa tisa na nusu unapata kama asilimia 5.3, na huo ndio ukomo wa nadharia kwa tofauti ya pande zote mbili kwa jumla. Katika kazi halisi ukomo hushuka kidogo, kwa sababu mpokeaji hautambui mshuko kwa usahihi kamili, kwa hiyo mimi hujaribu kutopita asilimia 2.

Tuchukue herufi A, ambayo ni `0x41`, tukiiacha pariti kwanza. Biti zake zikianza na ndogo ni 1, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 0. Tuziite biti 0 hadi biti 7. Chipu yako hutumia mikrosekunde 8 kwa kila biti, ilhali kompyuta inatarajia mikrosekunde 8.68. Biti ya kuanzia na biti 0 hadi 4 zinasomwa mahali pake, ingawa kila moja inasomwa karibu zaidi na ukingo kuliko iliyotangulia. Biti 5 inapaswa kusomwa katika mikrosekunde ya 56.42 tangu mshuko, lakini kwa saa ya mtumaji biti hiyo ilikwisha katika mikrosekunde ya 56. Kompyuta imeiruka, na inachosoma ni biti 6. Mahali pa biti 6 inasoma biti 7, mahali pa biti 7 inasoma biti ya kufungia, ambayo daima ni 1, na mahali pa biti ya kufungia inaukuta mstari ulio kimya, ambao nao ni 1. Kompyuta inapokea `0xA1` na haioni kosa lolote la fremu. Herufi zikifuatana bila nafasi ndipo kosa la fremu huonekana, kwa sababu hapo inakuta biti ya kuanzia ya herufi inayofuata, ambayo ni 0.

Ukifanya hesabu hiyo kwa herufi ndogo a, yaani `0x61`, utapata `0xA1` tena, kwa kuwa A na a hutofautiana kwa biti 5 pekee, na ndiyo iliyorukwa. Takataka za namna hii haziwezi kutafsiriwa baadaye. Habari yenyewe imepotea njiani. Aidha, kila herufi ya ASCII itatua kati ya `0x80` na `0xBF`, na baiti za eneo hilo zikisimama peke yake si herufi halali katika UTF-8. Hizo ndizo alama nyeusi unazoziona.

Kuhusu pariti, hapa haikusaidii, bali inakuumiza. Kazi yake ni kuhesabu biti zenye 1 ili kugundua biti iliyogeuka, haisahihishi chochote. Tena inarefusha fremu kwa biti moja, hivyo ukomo wa nadharia unashuka kutoka asilimia 5.3 hadi 4.8. Ukiifuata fremu yenye pariti shufwa kwa kosa lako hili, utaona kwamba biti ya pariti inaingia mahali pa biti 7, na biti ya kufungia inasomwa kama pariti. A itafika kama alama ya mshangao na kukataliwa, jambo ambalo ni zuri. Lakini a itafika kama `0xA1` ikiwa na jumla ya 1 nne, na itapokelewa kuwa sahihi. Hali ni hiyo kwa kila herufi ndogo na kila tarakimu, kwa sababu zote zina 1 kwenye biti 5.

Njia rahisi ni kushuka hadi 38400. Hesabu hutoa 13.02, rejista inapata 12, na kasi halisi ni 38,462, kosa la asilimia 0.16. Hata hivyo hilo ni kosa la kugawanya peke yake. Saa ya ndani nayo inaweza kukosea hadi asilimia 10 inapotoka kiwandani, na hubadilika kwa joto na volti. Kwa kuwa 9600 ilisomeka, yako haiko mbali sana, lakini ipime. Zima pariti, weka 38400, kisha tuma U mfululizo:

```c
while (1) {
    while (!(UCSR0A & (1 << UDRE0)));
    UDR0 = 'U';
}
```

Herufi U pamoja na biti zake za kuanzia na kufungia hupishanisha 0 na 1 bila kukatika, kwa hiyo waya hutoa wimbi la mraba lenye masafa ya nusu ya baudi. Multimita yenye kipimo cha Hz inatosha. Ukisoma kati ya 18,816 na 19,584 uko ndani ya asilimia 2; ukiwa nje, badilisha `OSCCAL`, rejista inayorekebisha kasi ya saa ya ndani, hatua moja moja hadi uingie.

Ikiwa ni lazima utumie 115200, nunua kristali ya 7.3728 MHz. Ikigawanywa kwa 16 na kisha kwa 115,200 hutoa 4 kamili. Utabadilisha `F_CPU` iwe `7372800UL` na kuweka fyuzi za chipu zichague kristali ya nje, na `UBRR0` itabaki 3 ileile uliyonayo sasa.