Diski nne za chama cha msingi: RAID 5, 6 au 10?

"Wakuu, seva ya chama chetu cha msingi hapa Masasi ina diski 4 za terabaiti 4. Kumbukumbu za wakulima wa korosho niziweke kwenye RAID 5, 6 au 10?"

Mkuu, RAID 5 inavutia kwa nafasi: (4 − 1) × 4 = terabaiti 12. Lakini diski moja ikifa, seva huzisoma tatu zilizobaki mwanzo hadi mwisho ili kujaza diski mpya. Ni kazi ya saa nyingi, na nyingine ikifa katikati umepoteza vyote.

RAID 6 ni (4 − 2) × 4 = 8; RAID 10 ni 4 × 4 ÷ 2 = 8. RAID 6 huvumilia zozote mbili kufa, RAID 10 huvumilia mbili zisipokuwa za jozi moja. Ila kuandika kidogo kwenye RAID 6 huchukua hatua 6 za diski, kwenye RAID 10 ni 2.

Mimi ningechukua RAID 6. Makarani wengi wakiingiza uzito kwa pamoja msimu wa mnada, chukua 10.

Weka pia nakala nje ya jengo, maana faili likifutwa RAID hailirudishi. Safu ya diski ikikataa kufunguka, zima seva, tafuta fundi wa kuokoa data.